Ada ya Kuvunja Mkataba wa Intaneti: Barua Inayoanzia Kwenye Daftari

Tarehe 2 Mei 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini Kongo, ilitangaza kwamba Starlink imepewa leseni. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, Machi 2024, mamlaka hiyohiyo ilikuwa imepiga marufuku vifaa vyake. Tangazo hilo lilifika mpaka kusini mwa Maniema, kwa watu wa Kasongo na Kabambare, ambako ofisi inayotaka intaneti ya kudumu hutegemea parabole. Parokia, kituo cha afya, shirika la maendeleo au duka la kompyuta lenye parabole ya zamani, linalolipa pesa nyingi kwa intaneti inayokatika kila wiki, sasa lina kishawishi cha kuhama. Linapotaka kuhama, linaletewa fakitire.

Fakitire hiyo ni ya ada ya kuvunja mkataba kabla ya muda. Mikataba ya parabole huandikwa kwa miezi 12, 24 au zaidi, na ndani yake huwamo kifungu kinachosema kwamba mteja akiondoka mapema atalipa miezi yote iliyobaki, au sehemu yake. Aliyebakiza miezi 13 kwa dola 250 kila mwezi anadaiwa dola 3,250 kwa huduma ambayo hataipata. Watumiaji wa simu za mkononi hawaijui shida hii, kwa sababu wao hulipa kabla ya kutumia na hubadilisha laini siku wanayotaka.

Mteja ambaye intaneti yake ilikatika mara kwa mara mpaka akachoka anaweza kuikataa ada hiyo kwa barua. Lakini barua itasimama tu ikiwa inaonyesha mambo mawili: kwamba wa kwanza kuvunja ahadi ni kampuni, na kwamba kampuni iliambiwa kwa maandishi ikapewa nafasi ya kurekebisha. Malalamiko, hata yawe ya kweli kiasi gani, hayajazi nafasi ya mambo hayo mawili.

Sheria inampa mteja nini, na inamnyima nini

Mikataba nchini Kongo bado inaongozwa na amri ya Julai 30, 1888, ambayo ndiyo kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia. Makampuni huipenda ibara yake ya 33, kwa kuwa inasema mkataba uliofungwa kihalali ni sheria kwa waliouwekea sahihi. Wakili wa kampuni akiandika, ibara hiyo haikosekani. Mteja aisome mpaka mwisho. Inaendelea kusema kwamba mkataba unaweza kuondolewa kwa makubaliano ya pande zote mbili au kwa sababu zinazoruhusiwa na sheria, na kwamba lazima utekelezwe kwa nia njema.

Nguzo ya barua ya mteja ni ibara ya 82. Katika mkataba ambao kila upande una wajibu kwa mwenzake, ibara hii inasema, upande uliokosewa una hiari: ama umlazimishe mwenzake atimize alichoahidi, ama uombe mkataba uvunjwe na ulipwe fidia. Mteja halazimiki kuvumilia miezi 24 ya intaneti mbovu eti kwa sababu alitia sahihi.

Hata hivyo ibara hiyohiyo ina mpaka ambao umewaponza wengi. Mkataba haufi wenyewe kwa sababu upande mmoja umekosea. Kuvunjwa kwake huombwa mahakamani, na hakimu anaweza kumpa mshitakiwa muda wa kujirekebisha, isipokuwa kama mkataba wenyewe umeweka njia nyingine. Kwa hiyo mteja wa Kabambare anayezima modemu, akashusha parabole na kuacha kulipa bila kuandika neno, anajigeuza kuwa yeye ndiye mvunjaji. Kampuni haitahitaji tena kueleza kukatika kwa mtandao. Itaonyesha tu kwamba malipo yalisimama.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuutoa mkataba kabatini na kutafuta vifungu vitatu. Cha kwanza ni kiwango cha upatikanaji wa huduma, ambacho huandikwa kwa asilimia, mara nyingi kwenye kiambatisho cha kiufundi nyuma ya mkataba. Cha pili ni kifungu cha kuvunja mkataba kwa kosa la upande mwingine, ambacho kwa kawaida hutaja onyo la maandishi na idadi ya siku za kusubiri. Hicho ndicho kinachomwezesha mteja kuondoka bila kwanza kwenda mahakamani. Cha tatu ni kile kinachoorodhesha matukio ambayo kampuni haiwajibiki nayo: vita, majanga, amri za serikali.

Saa zinazohesabika

Asilimia ya upatikanaji inaonekana kubwa mpaka igeuzwe kuwa saa. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Kampuni iliyoahidi asilimia 99 imejiruhusu kukatika saa 7 na dakika 12 kwa mwezi. Iliyoahidi asilimia 97 imejiruhusu saa 21 na dakika 36, karibu siku nzima. Mteja anayeandika "mtandao ulikatika mara nyingi" hajasema kitu ambacho kampuni inaweza kukipima. Anayeandika saa ngapi zilipotea mwezi gani, amegusa ahadi yenyewe.

Daftari la kawaida linatosha kuanzia. Kila mstari uwe na tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi, hali ya hewa, hali ya umeme wa ofisi, taa za modemu zilivyokuwa, na nani alipigiwa simu. Anayeandika awe mtu mmoja au wawili wanaojulikana, na waandike wakati tukio linapotokea. Daftari lililojazwa kwa kalamu moja siku moja, kwa ajili ya miezi mitatu iliyopita, linatambulika kirahisi.

Saa zenyewe zinahitaji uangalifu ambao mtu wa Kinshasa hawezi kuukumbuka kwa niaba ya mtu wa Maniema. Kasongo na Kabambare zinafuata saa ya mashariki ya nchi, iliyotangulia saa ya Kinshasa kwa saa moja, na mitambo ya makampuni ya satelaiti mara nyingi huandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Kasongo kwa saa mbili. Daftari likisema mtandao ulikatika saa 14:00 na rekodi ya kampuni ikisema 12:00, tukio moja litaonekana kama mawili yasiyolingana, na fundi atajibu kwamba saa 14:00 kila kitu kilikuwa sawa. Ukurasa wa kwanza uandikwe wazi: saa zote ni za Kasongo, kwa mtindo wa saa 24.

Pale ambapo kuna kompyuta inayokaa imewashwa, inaweza kusaidia daftari. Kwenye Windows, mistari hii ikibandikwa ndani ya PowerShell huandika kila dakika kama modemu inajibu na kama dunia ya nje inajibu:

```
while ($true) {
  $m = Test-Connection 192.168.1.1 -Count 1 -Quiet
  $n = Test-Connection 8.8.8.8 -Count 1 -Quiet
  "$(Get-Date -Format s) modemu=$m nje=$n" >> kumbukumbu.txt
  Start-Sleep 60
}
```

Anwani 192.168.1.1 ibadilishwe iwe ile ya modemu ya ofisi, ambayo fundi aliyefunga parabole huwa ameiandika. Faida ya kupima sehemu mbili inaonekana wakati wa mabishano. Dakika zenye `modemu=True nje=False` zinaonyesha kwamba umeme ulikuwepo, modemu ilikuwa hai, na tatizo lilikuwa mbele yake. Zenye `modemu=False` zinaelekeza ndani ya ofisi. Pasipo mstari wowote, kompyuta yenyewe ilikuwa imezimika, na saa hizo mteja hawezi kumbebesha mtu mwingine. Jibu moja la `False` peke yake si ushahidi, kwa sababu ujumbe mmoja unaweza kupotea njiani hata mtandao ukiwa mzima. Yahesabiwe matukio yaliyodumu dakika tano mfululizo au zaidi.

Ushahidi mwingine mzuri unapatikana ndani ya modemu. Modemu nyingi za parabole zina ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Ukurasa huo upigwe picha siku ya kawaida, kisha upigwe tena mtandao unapokatika. Mawimbi yakiwa na nguvu ileile ya kawaida huku intaneti haipiti, parabole haijasogea na anga halina kosa: mara nyingi tatizo liko kwenye kituo cha kampuni cha ardhini au kwenye njia inayotoka hapo kwenda duniani. Mawimbi yakiwa yameanguka chini ya anga safi, parabole imesogea, waya umeingia maji kwenye maungio, au kifaa cha kupokelea kimeharibika. Hapo inategemea mkataba umemkabidhi nani matunzo.

Upole wa mtandao uandikwe ukurasa wa peke yake. Intaneti inayotambaa kila jioni ni dalili kwamba kampuni imegawa njia moja kwa wateja wengi mno, lakini mikataba mingi huahidi kasi ya "hadi" kiasi fulani, na neno hilo huwa kinga ya kampuni. Saa za upole zikichanganywa na saa za kukatika, hesabu nzima hutiliwa shaka.

Kuondoa yasiyo ya kampuni

Barua nyingi huanguka hapa. Mteja anajumlisha kila saa aliyokaa bila intaneti, kampuni inakuta ndani yake siku ambayo betri za sola za ofisi zilikufa, na kuanzia hapo inaitupilia mbali hesabu yote. Dawa ni mteja kuziondoa mwenyewe saa hizo, hadharani, ndani ya barua, kabla kampuni haijazigundua.

Kwanza ni umeme wa ofisi. Penye sola na jenereta, saa za alfajiri betri zinapokuwa zimekwisha ni za mteja. Pili ni mvua. Parabole ndogo zinazotumia mawimbi ya bendi ya Ku au Ka hupoteza mawasiliano wakati wa mvua kubwa ya radi, kwa sababu matone hunyonya mawimbi. Bendi ya C, yenye parabole kubwa, huathirika kidogo sana. Kukatika kwa nusu saa katikati ya dhoruba ya Novemba ni jambo la kawaida kwa bendi ya Ku. Kukatika kunakoendelea saa nne baada ya mvua kuisha si mvua tena. Kuna pia dakika chache kwa siku, kwa siku kadhaa karibu na Machi 21 na Septemba 23, ambapo jua hukaa nyuma kabisa ya satelaiti na kufunika mawimbi yake. Hizo hazina mdaiwa.

Tatu ni matukio makubwa, na Wakongo wameyaona. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali iliamuru intaneti ifungwe nchi nzima, na haikurudi mpaka karibu na Januari 20, 2019. Agosti 2023, maporomoko ya chini ya bahari kwenye korongo la mto Kongo yalikata nyaya za WACS na SAT-3. Oktoba 19, 2024, satelaiti ya Intelsat 33e ilivunjika vipande angani, na wateja wake barani Afrika wakapoteza huduma. Kampuni ikitaja tukio la aina hii, mteja akubali siku husika, ila aulize maswali mawili. Je, tukio lilidumu siku ngapi hasa, na kampuni ilifanya nini kuhamishia wateja njia nyingine? Na kwa siku hizo ambazo haikuweza kutoa huduma, kwa nini iliendelea kuzitoza?

Usalama ni suala la pekee kwa Kabambare. Mwaka 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha kazi katika mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila, kwa sababu ya usalama. Mtoa intaneti naye anaweza kusema fundi wake hakuweza kufika. Sababu hiyo inaweza kuwa ya kweli kwa wiki fulani na barabara fulani. Haiwezi kueleza hitilafu iliyoko kwenye mtambo wa Kinshasa au Ulaya, ambao hauhitaji fundi kupita Salamabila. Picha ya ukurasa wa modemu ndiyo inayotenganisha mambo haya mawili.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni wa ofisi ndogo mjini Kasongo. Ilitia sahihi mkataba wa miezi 24 kuanzia Februari 1, 2025, kwa dola 250 kwa mwezi, na ahadi ya upatikanaji wa asilimia 99. Mkataba unaruhusu kuvunjwa ikiwa upande mmoja haukurekebisha kosa lake siku 15 baada ya onyo la maandishi. Kuanzia Septemba mambo yaliharibika.

Daftari linaonyesha saa 96 bila intaneti mwezi Septemba, 131 Oktoba na 118 Novemba, jumla saa 345. Karani anatoa saa 70 ambazo umeme wa ofisi ulikuwa umezimika, na saa 32 za mvua kubwa. Zinabaki saa 243 ambazo modemu ilikuwa na umeme, anga lilikuwa tulivu, na hakuna kilichopita. Miezi hiyo mitatu ina saa 2,184, kwa hiyo ahadi ya asilimia 99 iliruhusu saa 22 hivi. Kampuni ilizidisha kiwango chake mara kumi na moja. Ofisi ililipia asilimia 99 na ikapata 89.

Hesabu hiyo inafundisha jambo moja la busara kuhusu madai. Asilimia 11 ya dola 750 zilizolipwa kwa miezi mitatu ni takriban dola 83. Mteja akijenga barua yake juu ya kurudishiwa pesa za saa zilizopotea, kampuni itamrudishia hizo 83 kwa furaha, kisha itamdai 3,250 za kuvunja mkataba. Saa 243 zitumike kwanza kama sababu ya kuvunja mkataba, na kurudishiwa pesa kufuate nyuma.

Barua mbili, si moja

Barua ya kwanza hutumwa mteja akiwa bado ndani ya mkataba na malipo yake yakiwa kamili. Kazi yake ni kuitaka kampuni itimize wajibu na kuipa siku. Katika mfano wetu, iliandikwa Desemba 3, 2025. Inataja mkataba kwa namba na tarehe, inaweka hesabu ya miezi mitatu pamoja na saa zilizotolewa, inataja namba za malalamiko yaliyotangulia, na inafunga kwa sentensi moja iliyo wazi: huduma isiporudi kwenye asilimia 99 ndani ya siku 15, mteja atatumia kifungu cha kuvunja mkataba. Katika siku hizo 15 daftari linaendelea, maana kampuni ikirekebisha kweli, haki ya kuondoka inadhoofika.

Kipindi hiki ndicho cha kujizuia. Mteja anayenunua kifaa kipya cha Starlink Novemba, akaanza kulalamikia mtandao wa zamani Desemba, ameipa kampuni hoja iliyo tayari: huyu ameondoka kwa sababu ya bei. Tarehe ya risiti ya kifaa kipya isiitangulie tarehe ya onyo.

Siku zikipita bila marekebisho, barua ya pili inaweza kusomeka hivi:

*Kasongo, tarehe 22 Desemba 2025*

*Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu,*

*Kuhusu: kuvunja mkataba namba … wa Februari 1, 2025, na kupinga ada ya kuondoka kabla ya muda.*

*Bwana Mkurugenzi,*

*Kwa barua yetu ya Desemba 3, 2025, mliyoipokea Desemba 4, tuliwataka mrudishe huduma kwenye kiwango cha asilimia 99 kilichoahidiwa katika kiambatisho cha mkataba. Siku 15 zimepita. Tangu mpokee barua ile, huduma imekatika saa 41 nyingine, baada ya kutoa saa za umeme wetu na za mvua.*

*Kuanzia Septemba 1 hadi Novemba 30, tulikosa huduma kwa saa 243 ambazo haziwezi kuhesabiwa kwetu wala kwa hali ya hewa. Mkataba uliruhusu saa 22. Jedwali la kila siku, nakala za malalamiko yetu na picha za modemu zimeambatishwa. Saa zote ni za Kasongo.*

*Kwa hiyo tunatumia kifungu cha mkataba kinachoruhusu kuvunja kwa kosa la upande mwingine, na ibara ya 82 ya amri ya Julai 30, 1888. Mkataba utakoma Desemba 31, 2025. Ada ya kuondoka mapema imewekwa kwa mteja anayeondoka kwa hiari yake. Sisi tunaondoka kwa sababu huduma tuliyolipia haikutolewa, na tunaikataa ada hiyo yote.*

*Malipo yetu ni kamili hadi Desemba 31. Parabole, modemu na vifaa vyake, vilivyoorodheshwa na namba zao, viko salama ofisini kwetu kwa ajili yenu. Tunaomba mthibitishe kwa maandishi ndani ya siku 15 kwamba hatudaiwi, na mturudishie amana na sehemu ya malipo ya saa zilizopotea.*

*Tuko tayari kutia sahihi hati ya kumaliza mkataba kwa makubaliano. Isipokuwa hivyo, tunahifadhi haki yetu ya kwenda mahakamani na ya kuifikishia ARPTC suala hili.*

*Pokea, Bwana Mkurugenzi, heshima zetu.*

Barua hii iandaliwe kwa Kiswahili ili wahusika wote wa ofisi waielewe na kuikubali, kisha ipelekwe kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi na ya mahakama. Anayetafsiri asiongeze ukali. Kampuni ikiitwa wezi, wakili wake atapata jambo la kulalamikia. Ikiambiwa saa 243, itabidi itafute saa hizo kwenye rekodi zake.

Ikiwa mkataba hauna kifungu cha kuvunja kwa kosa la upande mwingine, aya ya tatu ibadilike. Mteja hasemi tena kwamba mkataba umekoma. Anasema anaomba umalizwe kwa makubaliano, kama ibara ya 33 inavyoruhusu, na kwamba kampuni ikikataa ataomba mahakama iuvunje kwa ibara ya 82.

Kufikisha, na kuthibitisha kwamba imefika

Barua isiyo na ushahidi wa kupokelewa ni kama haikuandikwa. Kutoka Kasongo au Kabambare njia iliyo salama ni mbili kwa pamoja. Nakala ya kielektroniki iende kwa anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye mkataba, ambayo huenda si ile ya fundi anayejulikana. Nakala ya karatasi ibebwe na mtu anayesafiri mpaka tawi la kampuni, pawe Kindu, Bukavu, Goma au Kinshasa. Abebe nakala mbili, aiache moja, na ya pili irudi na tarehe, jina, sahihi na muhuri wa aliyepokea. Mapokezi wakikataa kutia muhuri, kazi hiyo apewe afisa wa mahakama anayefikisha hati. Gharama yake ni ndogo kuliko ada inayobishaniwa.

Mazungumzo ya WhatsApp na mafundi yahifadhiwe yakiwa na namba na tarehe, na ujumbe wa sauti uandikwe neno kwa neno kwenye karatasi. Fundi akisema "kituo chetu kina shida, vumilieni", hilo ni ungamo la kampuni, na lina uzito zaidi kuliko kurasa kumi za daftari. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya Machi 13, 2023, inayoweka kanuni za mambo ya kidijiti nchini Kongo, inatambua maandishi ya kielektroniki. Simu iliyopigwa bila kufuatiwa na ujumbe haina pa kushikwa.

Nakala kwa ARPTC ina maana yake na mipaka yake. Sheria namba 20/017 ya Novemba 25, 2020, kuhusu mawasiliano inaiweka mamlaka hiyo kusimamia watoa huduma, na kampuni yenye leseni haipendi jina lake lifike huko pamoja na jedwali la saa. Lakini nani anadaiwa nini kwa mkataba fulani ni swali la mahakama. Mteja aangalie pia kifungu kinachotaja mahakama gani itasikiliza kesi. Kama ni ya Kinshasa, safari na wakili huweza kumeza sehemu kubwa ya dola 3,250, na kampuni inalijua hilo vizuri.

Ndiyo maana mara nyingi jambo huishia kwenye mazungumzo, na mteja ajiandae kwa jibu la kati. Kampuni inaweza kupunguza ada hadi nusu. Kabla ya kukubali, iulizwe nusu hiyo ni ya kitu gani. Kama parabole na modemu vilitolewa bure kwa sababu ya kufunga miezi 24, kampuni ina gharama ya kweli ambayo haijarudi, na mteja mwenye nia njema anaweza kurudisha vifaa vikiwa vizima, au kulipia thamani iliyobaki. Kama vifaa vilinunuliwa na mteja siku ya kwanza, hakuna gharama hiyo, na nusu ya ada ni bei ya miezi ambayo kampuni haitamhudumia mtu. Makubaliano yoyote yaandikwe na kutiwa sahihi, yaseme kwamba hakuna deni linalobaki, na vifaa vikabidhiwe kwa orodha yenye namba zao.

Mwenye mkataba unaosuasua aanze daftari leo, kabla ya kumtafuta fundi wa kampuni nyingine. Mwenye fakitire tayari mkononi aandike pingamizi kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa iliyochapwa juu yake, hata kama hesabu yake ya saa haijakamilika, na aahidi ndani ya pingamizi hilo siku atakayoipeleka.